Nilivyozirekebisha mada za jarida letu la barua pepe

Nilipokabidhiwa jarida la barua pepe la chama chetu cha wakulima wa viazi, hapa Kaunti ya Nakuru, nilianza kwa kuzisoma mada za matoleo yaliyotangulia, yaani ule mstari msomaji anaouona kabla ya kuifungua barua, nazo zilifanana kama mapacha. Waliolifungua walikuwa wachache, ingawa ndani yake mlikuwa na habari ambazo mkulima wa Molo angeziachia jembe.

Chukua toleo la Mei, ambalo mada yake ilikuwa «Jarida la Wakulima, Toleo la Mei: Habari Muhimu kwa Wanachama». Kwenye simu yangu ilikatikia baada ya neno «Mei», na maandishi ya kijivu yanayofuata mada yalisema «Ikiwa huoni picha, bofya hapa», kwa kuwa programu huchukua maneno ya kwanza ya barua iwapo hukuijazia mengine. Kumbe makala kuu ilieleza namna ya kutambua mnyauko bakteria: unakata kipande cha shina la mmea ulionyauka, unakining'iniza katika glasi ya maji safi, na baada ya dakika chache nyuzi nyeupe kama maziwa huanza kushuka.

Nilijaribu kwanza «Afya ya viazi msimu wa mvua», lakini hiyo ingeweza kubandikwa juu ya makala yoyote. Mwenzangu alipendekeza «Siri ya viazi kunyauka usiyoijua», nami nikaikataa, kwa sababu ndani hamkuwa na siri yoyote, na msomaji aliyechezewa hivyo huiripoti barua kuwa taka. Tulikubaliana juu ya «Viazi vinanyauka? Kata shina, tia majini», ambayo ni herufi 40 hivi, na hata ikikatwa mwishoni tatizo limekwisha kutajwa. Sehemu ya kijivu tuliiandika wenyewe: «Ukiona nyuzi nyeupe, usipande viazi hapo msimu ujao.»

Kupima matokeo kunahitaji tahadhari. Ufunguzi huhesabiwa kwa kijipicha kisichoonekana kinachopakuliwa barua inapofunguliwa, na tangu 2021 programu ya Mail ya Apple inaweza kukipakua kabla msomaji hajagusa barua, ilhali msomaji aliyezuia picha hahesabiwi kabisa. Kwa hiyo tuliigawa orodha nusu kwa nusu bila mpangilio, tukatuma mada ya zamani na mpya saa ileile, kisha tukatazama zaidi waliobofya kiungo cha makala. Mada mpya ilitangulia, lakini kwa orodha ndogo kama yetu tofauti ya watu wachache inaweza kuwa bahati tu, ndiyo maana tulirudia kwa matoleo kadhaa kabla ya kuuacha mtindo wa zamani.

Siku hizi mada huandikwa kabla ya makala. Toleo likikosa jambo moja linaloweza kutajwa kwa maneno sita au saba, tunaliahirisha, na matangazo yake madogo yanasubiri toleo linalofuata.