Kikao cha 42

Shirika lile la umma lilikuwa limefunga mwaka na faida ya milioni 350, baada ya miaka kadhaa ya hasara. Sisi wakaguzi wa nje tulianza na faili la mihtasari ya bodi, kama kawaida: tunasoma kuanzia siku ya kwanza ya mwaka wa hesabu hadi wiki ya kutia saini, maana yaliyoamuliwa baada ya mwaka kufungwa nayo yanaweza kubadili hesabu. Kabla ya kusoma maneno niliangalia namba. Baada ya kikao cha 41 kilifuata cha 43.

Katibu wa bodi alisema cha 42 kiliahirishwa kwa kukosa akidi. Inawezekana. Lakini kikao kisichofanyika hakilipwi, kwa hiyo nilikwenda idara ya malipo kuomba hati za posho za wajumbe. Bodi ilikuwa na wajumbe tisa, akidi watano, na saba walikuwa wamesaini posho ya kikao cha 42. Halafu nikarudi kwenye muhtasari wa 43, sehemu ya yatokanayo na kikao kilichopita. Pale palikuwa na mstari mmoja: "Menejimenti iliarifu kuwa Hazina imekubali ombi kuhusu marejesho ya mkopo." Sehemu hiyo ya muhtasari watu huiruka kwa sababu inachosha, nami huisoma kwanza.

Ombi lipi? Shirika lilikuwa na mkopo wa benki uliodhaminiwa na serikali, wa kulipwa milioni 400 kila baada ya miezi sita. Katika taarifa ya benki ya shirika, mwaka ule haikutoka hata senti kwenda kwa mkopeshaji, ilhali barua ya uthibitisho wa salio kutoka kwa mkopeshaji ilionyesha awamu mbili zimelipwa, mwisho wa Septemba na mwisho wa Machi. Aliyelipa alikuwa mdhamini.

Leja ya ruzuku ikatupa jibu lililobaki. Ilisomeka bilioni 1.4, lakini barua za Hazina za kutoa ruzuku ya kufidia bei nafuu ya huduma zilikuwa za milioni 600 tu. Milioni 800 zilizozidi zilikuwa awamu zile mbili. Mhasibu alikuwa amepunguza deni la benki na kuandika kiasi hichohicho kuwa mapato ya ruzuku. Ndiyo iliyokuwa faida yenyewe.

Mhasibu mkuu alijitetea hivi: serikali ndiye mmiliki, imelipa, haitadai. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. IAS 20, kiwango cha kimataifa cha uhasibu wa ruzuku za serikali, inaruhusu mkopo wa serikali unaoweza kusamehewa uhesabiwe kuwa ruzuku, ila pawe na uhakika wa kutosha kwamba shirika litatimiza masharti ya msamaha. Tukafungua mkataba wa dhamana wenyewe, si muhtasari wake uliokuwa kwenye makabrasha ya bodi. Ulisema kila kiasi atakacholipa mdhamini kinageuka deni la shirika kwa serikali, na riba ya asilimia 5 kwa mwaka kuanzia siku ya malipo. Kifungu cha msamaha hakikuwemo, wala hapakuwa na barua yoyote ya kusamehe.

Tulipowaandikia Hazina kuomba uthibitisho, jibu lao lilikuwa na milioni 800 kwenye orodha ya wadaiwa. Upande mmoja fedha ileile ilikuwa mapato, upande wa pili ilikuwa deni la kukusanya. Hesabu za serikali nzima zikiunganishwa, mapato hayo hayana matumizi ya kufutana nayo upande wa Hazina, wala deni hilo halina deni la kufutana nalo upande wa shirika.

Marekebisho yalikuwa mafupi. Milioni 800 zilitolewa kwenye mapato zikaingia kwenye madeni. Riba ilikuwa milioni 15 kwa awamu ya Septemba, yaani miezi tisa hadi Juni, na milioni 5 kwa ile ya Machi. Faida ya 350 ikawa hasara ya 470.

Muhtasari wa 42 ulipatikana siku chache baadaye, rasimu isiyo na saini. Ulieleza wazi kwamba shirika halina fedha za awamu zinazofuata, na kwamba bodi imeagiza ombi liende Hazina. Mjumbe mmoja alitaka iandikwe kuwa hilo ni deni jipya. Sentensi yake ilikuwa imekatwa kwa kalamu nyekundu.

Rasimu hiyo ndiyo iliyotupeleka kwenye suala la uwezo wa shirika kuendelea na shughuli zake. Menejimenti ilikubali marekebisho na kueleza shaka hiyo kwenye maelezo ya hesabu, kwa hiyo hati ilibaki safi, ikiwa na aya ya kuonyesha shaka hiyo. Bado mkopo ulikuwa na awamu sita, bilioni 2.4, ambazo rejesta ya dhamana ya Hazina ilizionyesha kama jambo linaloweza kutokea tu. Kwa mdaiwa aliyekwisha kushindwa mara mbili, hapo palihitajika tengo la hasara, yaani hasara inayotarajiwa iandikwe kwenye hesabu mapema.