Makopo ya wifi yangu kwenye rafu ya duka langu

Wifi yangu alikwama na makopo ya kampuni ya biashara ya mtandao, ile ambayo mwanachama hununua mali na kuingiza wengine chini yake, na ushauri mbaya kuliko wote aliopewa ulitoka kwa watu wanaompenda. Mamake alimwambia atupe makopo yote asahau. Mumewe akataka kwenda polisi. Na jirani yake wa Bombolulu, Mombasa, yule aliyemwingiza na ambaye alikwisha kupanda cheo cha daraja la dhahabu kwenye kampuni, akamwambia: "Leta watu watatu tu, mpenzi, pesa zako zitarudi zenyewe." Yaani wengine watatu wanunue makopo ili yeye apone makopo yake.

Mimi nina duka la rejareja Kisauni. Unga, sukari, sabuni, mafuta ya kupima, vocha. Watu wa biashara hiyo ya mtandao hunicheka, husema nina akili ya duka. Haya, ni akili hiyo hiyo iliyomrudishia wifi sehemu kubwa ya pesa zake, na naandika kwa sababu nimechoka kusikia watu wakiambiwa wavumilie, eti biashara haijaiva.

Chumbani kwake kulikuwa na unga wa lishe, chai ya kupunguza tumbo, dawa ya meno na sabuni ya maji, mali ya elfu themanini na ushee, nyingine ya mkopo wa chama. Sikuomba kuona makopo. Niliomba risiti. Tukazitandaza mkekani kwa tarehe, na jambo likajionyesha lenyewe: karibu zote zilikuwa za tarehe 28, 29 na 30.

"Wifi," nikamwuliza, "hawa wateja wako wa Bombolulu hunywa chai ya tumbo mwisho wa mwezi peke yake?"

Akanyamaza, kisha akanieleza. Ili ahesabiwe yu hai kwenye mfumo, apate kamisheni ya watu walio chini yake, lazima kila mwezi afikishe pointi kadhaa. Pointi hupatikana kwa kununua. Mwezi ukielekea kwisha na hajauza, anajinunulia mwenyewe. Mwuza duka huagiza rafu inapokuwa tupu. Yeye aliagiza rafu ikiwa imejaa. Ukitaka kumjua ndugu yako kama anauza au anauziwa, usimwulize faida yake, tazama tarehe za risiti zake na umwulize majina ya wanunuzi ambao si wanachama. Wifi alitaja wawili, mmoja wao mimi.

Jambo hili si geni. Huko Marekani, mwaka 1979, tume yao ya biashara iliamua kesi ya Amway, kampuni ya biashara ya mtandao, na ikasema kampuni ile si piramidi, yaani si utapeli wa kuwalipa wa juu kwa pesa za wanaoingia, lakini kwa sababu ilikuwa na kanuni tatu: mwuzaji lazima awe ameshauza asilimia 70 ya mzigo aliochukua kabla ya kulipwa bonasi, lazima aonyeshe wateja kumi wa rejareja kila mwezi, na asiyeweza kuuza mzigo wake hurudishiwa pesa. (Waliwakuta na kosa la kupanga bei za wauzaji wao, wakawakataza.) Mwaka 2016 Herbalife, kampuni nyingine ya namna hiyo, nayo ilikubali kulipa dola milioni 200 na kubadilisha namna ya kulipa, ili malipo yafuate mauzo kwa watumiaji wa kweli badala ya manunuzi ya wanachama wenyewe. Swali ni lile lile nililoulizia mkekani: bidhaa imeishia kwa nani? Sisi tulioona mpango wa upatu wa DECI ukizama na akiba za watu tunadhani utapeli ni pale pasipo na bidhaa. Kopo likiwepo tunatulia. Kopo linaweza kuwepo, tena zuri, na pesa bado zikawa zinatoka kwa aliyeingia jana.

Nikampigia wifi hesabu ya kopo moja la unga wa lishe. Yeye alinunua kwa kama 2,400, bei ya kumwuzia mteja ni 3,000. Faida yake mia sita, haionekani mbaya. Lakini kijitabu chao chenyewe kilijisifu kwamba asilimia 40 ya bei ya mwanachama hurudi kwa "familia", ndiyo kusema 960 hugawanywa kwa watu wa ngazi za juu yake. Nikamwuliza, hao wa juu walifanya nini kwa kopo hili? Walilibeba? Walilihifadhi? Walikukopesha?

Kwangu pakiti ya unga wa mahindi ya kilo mbili haiwezi kunipa zaidi ya shilingi kumi, siku nyingine tano. Kabla yangu kuna mwenye duka la jumla, na kabla yake msambazaji, na kila mmoja hukata chake. Lakini kila anayekata amefanya kazi: msambazaji ameleta lori na ana bohari, wa jumla amefungua bunda na kuniuzia kumi badala ya mia, na nikiwa na shida hunipa mali kwa wiki moja nimlipe baadaye. Mkate usiponunuliwa, wa gari la mkate huuchukua asubuhi na kuniachia mwingine. Hatari imegawanywa njiani. Kwenye mtandao wa wifi mambo yamepinduliwa: wa mwisho hulipa taslimu kabla hajamwona mteja, na mzigo ukikwama umekwama chumbani kwake. Wa juu alishakula kamisheni siku ile ile ya manunuzi.

Halafu kuna jambo la majirani. Msambazaji wangu akifungulia mtu duka kama langu mlango wa pili, nitampigia simu nimlalamikie, naye atanielewa, kwa sababu mtaa una wanunuzi wake na hawazidi. Wifi alikuwa akiahidiwa malipo kwa kumgeuza mteja wake kuwa mshindani wake. Kila akifaulu kuingiza mtu, amepoteza mnunuzi wa 3,000 na amepata mtu anayenunua kwa 2,400 kama yeye, na anayewinda shangazi wale wale, harusi zile zile. Kila mmoja akiingiza watano, ngazi ya tisa inataka watu zaidi ya milioni moja na laki tisa. Sensa ya 2019 iliikuta kaunti nzima ya Mombasa na watu milioni moja na laki mbili, watoto wachanga wakiwemo.

Msidhani nachukia kuuza mlango kwa mlango. Kuna mama huja kwetu na furushi la madera na leso za Biashara Street. Anajua kimo changu, anajua rangi nisizovaa, analeta mali kwa wanawake wasiotoka sana, na hulipwa kidogo kidogo hadi mwisho wa mwezi. Dera lake ni ghali kuliko la dukani, nami hulipa nikijua nalipia nini. Hajawahi kunitaka nibebe furushi langu.

Sasa niseme la rafu, ambalo ndilo lililonifurahisha.

Nilimwambia wifi anipe kila aina vipande vichache niviweke dukani, kati ya sabuni na majani ya chai, bila hotuba. Hakuna ushuhuda wa mtu aliyepona sukari, hakuna picha ya gari. Bei tu kwenye karatasi. Mwanzo nikaweka bei yao. Watu walishika, wakageuza, wakarudisha. Mzee mmoja alisoma bei ya dawa ya meno, shilingi 450, akaniuliza kama ndani yake kuna na meno. Nikashusha hadi 250. Ikaanza kutoka, taratibu lakini ikatoka, maana ni dawa nzuri ya meno. Sabuni ya maji nayo ilitoka nilipoipima kwenye chupa ndogo. Unga wa lishe na chai havikusogea hata nilipovishusha chini ya bei ya wifi mwenyewe. Hapo ndipo ukweli wa bei ulipo: mgeni asiye na undugu nawe, asiyetafuta pointi, atatoa ngapi?

Haikupita wiki, yule jirani wa daraja la dhahabu akaingia dukani. Alikuja kununua mchele, macho yakamtoka.

"Wifi yake! Hii mali haiwekwi dukani! Ni kinyume cha mkataba!"

"Kwani ni haramu?"

"Sera ya kampuni. Na bei hii mnaharibia watu soko."

Nilimpimia mchele wake huku nacheka moyoni. Bidhaa gani inayokatazwa kukaa pale wanunuzi walipo? Hukatazwa kwa sababu rafu haijui kunyamaza. Watu wawili wakiona 250 mchana, usiku mkutanoni hawatakubali 450.

Akaenda akashtaki. Wifi akapata ujumbe mkali: uanachama wake utafutwa. Akaja kwangu analia. Nikamwambia alete huo mkataba wanaoutaja. Tukausoma wote, hata zile herufi ndogo za mwisho, na humo tukakuta tulichohitaji: mwanachama akijitoa au akifutwa, kampuni itanunua tena bidhaa zilizonunuliwa ndani ya miezi 12, zikiwa hazijafunguliwa na hazijapita muda wake, kwa bei aliyonunua ikitolewa asilimia 10. Kifungu hiki si fadhila. Kimo hata kwenye kanuni za shirikisho la dunia la makampuni haya, ila mikutanoni hakisomwi.

Basi tukawajibu kwa barua pepe: asanteni, tumekubali kufutwa, njooni mchukue mali. Kimya. Tukapeleka wenyewe ofisini kwao mjini, kwa tuktuk, makopo yamepangwa kwa tarehe na kila fungu na risiti yake juu. Hapo mpangilio ndio uliotuokoa. Walipotaka kusema hili ni la zamani, risiti ilikuwa papo hapo. Kopo moja lililokwaruzwa lebo walilikataa, tukalirudisha nyumbani. Msisubiri muda wa mwisho wa matumizi ukaribie, hapo watakuwa na sababu. Wala msifungue maboksi ili "muonje". Na barua iandikwe, simu haina ushahidi.

Pesa zilikuja kwa awamu, zikiwa zimekatwa ile asilimia 10 pamoja na kamisheni ndogo aliyowahi kupata wifi. Ukijumlisha na tulizouza dukani, alirudisha kama elfu hamsini na kitu, akamaliza deni la chama. Kilichobaki ni chai ya tumbo ya mwaka wa kwanza, ambayo hakuna anayeitaka, hata bure.

Ambacho sikukijua ni kwamba mali ikirudi, kamisheni za wa juu nazo hurudishwa. Jirani wa dhahabu alikatwa mwezi ule, na nasikia daraja likamshuka. Hanisalimii tena. Ila mchele bado hununua kwangu, humtuma mtoto.