CV yangu ya aliyejifunza kuandika programu mwenyewe ilikua haisomeki, nilivyoirekebisha

Nimejifunza kuandika programu mwenyewe, sina digrii ya kompyuta, na kwa miezi kama 5 nilikua natuma CV hakuna hata anaenijibu. Nilijua shida ni digrii. Siku moja jamaa yangu akaniambia hebu itoe maandishi tupu uone mfumo wa kompyuta wa waajiri wa kusoma CV unachokiona, nikaandika hii:

```
pdftotext -layout cv.pdf -
```

Nilishtuka. CV yangu ilikua ya safu mbili, ile templeti ya rangi yenye vile vistari vya kuonyesha Python 80%. Kwenye maandishi neno PostgreSQL limekaa mstari mmoja na jina la sekondari niliyosoma, vistari havipo kabisa, na jina langu halipo maana lilikua picha! Nikafuta yote nikaanza na safu moja, vichwa vya kawaida tu, Projects, Open Source, Skills, Education, namba ya simu nikaiweka ndani ya ukurasa sio kwenye hedi maana kuna mifumo inairuka.

Projekti nikazipandisha juu maana ndo uzoefu wenyewe nilionao. Mwanzo niliandika "Mfumo wa kikoba, Django" basi. Sasa nikaeleza kwamba nimejenga mfumo wa michango ya kikoba cha watu 34 kwa Django na PostgreSQL, ripoti ya mwezi ambayo mweka hazina alikua anajumlisha daftarini siku 2 sasa inatoka hapo hapo, na linki ya kuujaribu. Projekti 3 za hivyo zinatosha, zile za kufuata video nilizitoa zote.

Upande wa programu huria nilikua nimejaza vitu nilivyofoku tu bila kugusa kitu, hiyo haina maana. Nikatafuta GitHub puli rikwesti zangu, yaani marekebisho niliyotuma, zilizopokelewa kweli:

```
is:pr is:merged author:jina-lako
```

Zikatoka 2. Moja nilirekebisha tarehe, mtu akiingiza rekodi saa saba usiku kwetu inaandikwa ya jana, kwa sababu seva inahesabu UTC na sisi tuko masaa 3 mbele. Nikaandika tatizo, nilichobadilisha, na linki ya puli rikwesti yenyewe.

Kwenye ujuzi naangalia tangazo linavyoandika, wakisema PostgreSQL siandiki Postgres, ila kitu nisichoweza kukielezea sikiweki. Kuna wanaoshauri ubandike tangazo zima kwa herufi nyeupe, usifanye hivyo jamani, maandishi yakitolewa yanaonekana yote na anaesoma mwisho ni mtu.

Maombi ya nne baada ya hapo nikaitwa, na karibu nusu saa nzima walikua wananiuliza yale masaa 3 niliyagunduaje.