Dokezo langu lililolala masijala

Leo natimiza wiki ya tano katika ofisi ya halmashauri niliyopangiwa, na ningependa kueleza jambo ambalo mafunzo elekezi hayakuligusa.

Wiki ya pili niliandika dokezo la kuomba masurufu ya safari ya ukaguzi vijijini, nikalipitisha kwa mkuu wangu wa idara kama utaratibu unavyotaka, kisha nikalikabidhi masijala na kusubiri. Siku sita zilipita bila jibu. Niliamini kwamba ombi limekataliwa, hadi mama mmoja wa masijala, ambaye ameyatunza majalada hayo kwa miaka mingi, aliponiita kwa upole akasema, "Mwanangu, jalada lako halijakataliwa, ila halisomeki."

Alinionyesha kwamba nilikuwa nimetaja barua ya mwaliko bila kuandika namba ya folio yake, wala sikuweka kipande cha karatasi kwenye ukurasa huo, hivyo kila aliyelifungua jalada alilazimika kuitafuta barua hiyo, akaliweka kando ashughulikie yaliyo mepesi. Aliongeza kwamba hapa mwombaji humwona kwanza mhasibu, kabla ya saa tatu asubuhi vikao havijaanza, akamweleza kwa mdomo kinachokuja, ili jalada lisimfikie kwa ghafla.

Nililiandika upya dokezo lile kwa kutaja folio ya 14, nikamwona mhasibu asubuhi iliyofuata, na idhini ikatoka siku ya pili. Tangu hapo, kabla ya kukabidhi jalada lolote, humwomba mama yule alitazame kwanza.