Siku moja kwenye meza ya mkate wa chachu: joto ndilo linaloamua ukali

Saa 11 alfajiri

Kabla ya kugusa unga napima joto la chumba. Leo ni nyuzi 26, na kufikia saa 4 itakuwa 30. Hilo linabadilisha hesabu zote za siku, kwa sababu leo natoa mikate ya aina mbili kwa chachu ileile: mmoja laini, yaani wenye uchachu wa mbali tu, mwingine mkali kweli.

Nalisha chachu: gramu 100 za chachu, 200 za unga wa ngano, 200 za maji. Kwa joto hili itafika kileleni baada ya saa nne hadi tano. Naizungushia chupa mpira kwenye usawa wa sasa ili nione imepanda kiasi gani.

Saa 12 asubuhi

Mikate ya jana inatoka kwenye friji na kuingia kwenye oveni yenye nyuzi 240. Dakika 20 za mwanzo ni za mvuke, kisha nyingine 20 au zaidi kidogo bila mvuke, hadi kipimajoto kikichomekwa katikati kisome 97. Nikiukata mkate uliopoa, naonja ukali wa aina gani. Ule wa mtindi, unaotanda ulimini taratibu, ni wa asidi ya laktiki. Ule wa siki, unaopanda puani, ni wa asidi ya asetiki, na sehemu yake huongezeka donge likiwa gumu na limekaa kwenye ubaridi.

Saa 4 asubuhi

Chachu imepanda zaidi ya maradufu, juu bado ina mbinuko na inanukia kama matunda. Hapa ndipo pa kuitumia. Ikishaanza kubonyea katikati na kunuka siki, itaingia kwenye donge na shehena ya asidi, na mkate laini hautapatikana tena hata ukitunza joto namna gani.

Kila donge lina unga gramu 1000, maji 650, chachu 200 na chumvi 22. Kwenye lile la mkali, gramu 200 za unga mweupe naziondoa na kuweka unga usiokobolewa. Pumba zake hufifisha nguvu ya asidi, hivyo bakteria hufanya kazi muda mrefu zaidi kabla ya kuzuiwa na asidi yao wenyewe.

Sasa hesabu ya maji. Donge la mkate laini nalitaka kwenye nyuzi 25. Vinavyoamua joto lake ni vinne, unga, chumba, chachu na maji, kwa hiyo nazidisha 25 kwa 4, napata 100. Naondoa joto la unga (29), la chumba (30), la chachu (28), na nyuzi 2 zinazoongezwa na kukanda kwa mkono. Yanabaki 11, na hilo ndilo joto la maji. Maji ya bomba yako 26, kwa hiyo barafu lazima iingie. Gramu 650 za maji zikizidishwa kwa tofauti ya nyuzi 15, kisha zikagawanywa kwa 106, yaani 26 jumlisha 80 ya joto linalomezwa na barafu inapoyeyuka, zinatoa gramu 92. Basi barafu gramu 92 na maji 558, nakoroga hadi barafu yote iyeyuke ndipo namimina.

Donge la mkate mkali nalitaka kwenye 30. Hesabu ni ileile: 120 kuondoa 89, maji ya nyuzi 31.

Tofauti ya nyuzi 5 inatosha kutoa mikate miwili isiyofanana. Ndani ya chachu kuna hamira asilia inayoumua na bakteria wanaochachusha, na hawapendi joto sawa. Hamira hustawi kwenye nyuzi 27 hivi, na ikipita hapo huanza kulegea. Bakteria huendelea kuongeza kasi hadi nyuzi 32 au 33. Kwa hiyo kwenye 30, kila hatua moja ya kuumuka inakuja na asidi nyingi kuliko kwenye 25.

Saa 5 hadi saa 8

Kila baada ya nusu saa nanyoosha donge na kulikunja, mara nne, kisha naliacha. Kazi kubwa ni kulinda joto. La mkate laini liko kwenye sanduku la plastiki lenye kifuniko, pamoja na chupa ya maji ya barafu pembeni. La mkali liko wazi chumbani. Nachomeka kipimajoto katikati ya donge, maana joto la hewa halisemi ukweli wa ndani. La laini likifika 27 nabadilisha chupa.

Saa 8 mchana

Donge kali linafika mwisho kwanza. Limepanda kama theluthi moja tu, nami nalitoa hapo. Wengi husubiri lifike maradufu, kisha hulalamika kwamba chachu ni mbovu. Lenye nyuzi 30 litaendelea kuumuka kwa saa kadhaa ndani ya friji, na asidi ikizidi huamsha vimeng'enya vya unga vinavyokata gluteni, protini inayolishikanisha donge. Dalili huonekana mkononi: donge lililokuwa linavutika kama utando linaanza kuchanika, linanata vidoleni, uso wake unakuwa na maji na vishimo, na ukilikata halishiki umbo. Likifikia hapo halirudi kwa kukanda wala kwa kuongeza unga. Lioke kwenye chombo chenye kingo na ukubali kula mkate bapa wenye ukoko uliopauka, kwa kuwa sukari ya kuupa rangi imeshaliwa.

Saa 9 alasiri

Donge la laini limepanda kwa zaidi ya nusu. Ukitikisa bakuli linatetemeka, na mapovu yanaonekana pembeni. Ukionja kipande, uchachu unasikika kwa mbali tu. Kwa mwenye kipimo cha pH, hili husoma karibu 4.4, na lile kali karibu na 4.

Kila donge likishafika mwisho wake naligawa vipande viwili vya gramu 930 hivi, naviumba, navipumzisha dakika 20, naviumba tena na kuviweka kwenye vikapu.

Saa 10 jioni

Vikapu vinaingia kwenye friji ya nyuzi 4, vya laini kwenye rafu ya baridi zaidi, bila kugusana. Husemwa kwamba kukaa sana kwenye friji ndiko kunakoleta ukali. Ni kweli kwa sehemu ndogo. Kwenye nyuzi 4 hamira karibu inasimama na bakteria wanakwenda polepole mno. Asidi nyingi ya usiku hutengenezwa saa za mwanzo, wakati kitovu cha donge bado kina joto. Friji iliyojaa na kufunguliwafunguliwa, ikabaki kwenye nyuzi 9, ni jambo jingine: humo donge linaendelea kuchacha usiku kucha.

Saa 2 usiku

Nachomeka kipimajoto kwenye kikapu kimoja cha kila aina. Baada ya saa nne kwenye friji vinatakiwa viwe chini ya nyuzi 10. Cha mkali kinasoma 9, cha laini 7. Kikisoma 13 au 14 siongojei asubuhi. Nawasha oveni usiku huohuo.

Saa 3 usiku

Asubuhi zilibaki gramu 100 za chachu, zimekaa kwenye friji tangu saa 4. Nachukua gramu 10 tu, nalisha kwa unga 50 na maji 50. Mgawo huu mkubwa wa chakula unaichukua hadi alfajiri bila kuvuka kilele.