Doa la maziwa lilitoka, la pilau likanicheka

Muuza duka aliniapia: "Mama, poda hii ina vimeng'enya vya kuvunjavunja uchafu, haiachi doa." Nikatoa elfu nane na ushee, nikarudi nyumbani nikijiona fundi wa kufua.

Kanzu ya mume wangu ilikuwa na madoa mawili ya Idi. Begani mtoto alikuwa amecheua maziwa, na kifuani kilidondoka kipande cha nyama ya pilau. Wifi yangu, ambaye kwake dawa ya kila kitu ni maji ya moto, alitaka niichemshe. Nikakataa, maana aliwahi kuniponza: shati la mtoto lilitoka na doa la maziwa limeshika uzi. Protini ya maziwa ikipata moto mkali hubadilika umbo na kung'ang'ania, na moto huohuo huua kimeng'enya.

Basi nikailoweka kanzu kwa poda ile usiku kucha kwenye maji vuguvugu, kama ya kumwogeshea mtoto. Asubuhi begani peupe! Kifuani duara la mafuta liko palepale. Nikarudia mara mbili, nikiongeza poda kwa hasira. Wapi.

Jirani yangu anayefundisha kemia alicheka, kisha akanieleza. Protini ni kama ushanga mrefu. Kimeng'enya kwenye poda yangu, proteasi, hukata kama mkasi uzi kati ya shanga, na vipande vifupi vikaenda na maji. Mafuta ya kupikia hayana uzi huo, kwa hiyo mkasi unapita bila kukuta pa kukata. Yanavunjwa na kimeng'enya kingine, lipasi, ambacho kwenye pakiti yangu hakikuandikwa, na hata kikiwemo hakina haraka. Oili ya gari hata lipasi haiigusi.

Sikumwamini. Nikachemsha yai, nikatia vipande vya ute mweupe kwenye vikombe viwili vya maji vuguvugu, kimoja na poda ile, kingine na sabuni ya kawaida. Kesho yake kwenye kikombe cha poda kingo zilikuwa zimelika, zinateleza. Cha pili kilikuwa na pembe zake zote. Mume wangu akauliza nani kaharibu mayai.

Mafuta niliyaweza kwa sabuni ya maji ya vyombo. Matone mawili juu ya kanzu kavu, maana ukilowesha kwanza sabuni inazimuliwa kabla ya kuyafikia. Fikicha kwa kidole, acha robo saa, suuza. Kitambaa kibichi kinaficha mafuta, kwa hiyo anika kivulini uangalie kabla ya pasi.

Kola na kwapa zina jasho pamoja na mafuta ya ngozi, kwa hiyo hapo naanza na sabuni ya vyombo, nasuuza, ndipo naloweka.

Kwa ushindi huo nikaloweka na mtandio wangu wa hariri. Hariri nayo ni protini. Ulitoka safi, mng'ao wote umekwenda na maji.