Jumlisha au toa? Jinsi nilivyoielewa fomula ya kipande cha waya

"Jumlisha sini za pembe mbili, basi." Ushauri huo ulinipotezea wiki nzima, na bado unaniudhi, kwa sababu aliyenipa hakusema unafanya kazi wakati gani.

Fomula yenyewe, ya uga wa sumaku B unaotolewa na kipande cha waya ulionyooka kinachobeba mkondo I, ni hii: B = (μ₀I/4πd)(sin α + sin β). Kutoka kwenye nukta unayoitafutia uga, shusha mstari unaoukata mstari wa waya kwa pembe ya nyuzi 90. Urefu wake ndio d. Pembe zote mbili hupimwa kuanzia mstari huo hadi kila ncha ya waya. Kuna vitabu vinavyopima pembe kwenye ncha za waya na kutumia kosini. Ukichanganya mitindo hiyo miwili umekwisha.

Swali lililonikwamisha lilikuwa na waya wa sentimita 11 unaobeba mkondo wa ampea 6. Nukta ilikuwa umbali wa sentimita 12 kutoka mstari wa waya, lakini haikuwa mkabala na waya wenyewe. Mstari wangu wa nyuzi 90 uliangukia nje, sentimita 5 kabla ya ncha ya karibu, yaani sentimita 16 kutoka ncha ya mbali. Pembetatu zikatoka vizuri: sini ya ncha ya mbali ni 16/20, ya karibu ni 5/13. Sehemu ya mbele, μ₀I/4πd, ni mikrotesla 5. Nikajumlisha kama nilivyoambiwa, nikapata mikrotesla 5.92. Jibu likakataliwa, nami nikarudia hesabu ileile mara nne nikitafuta kosa kwenye kikokotoo!

Kilichonifungua macho ni kuurefusha waya kwa mawazo mpaka ufike pale mstari wa nyuzi 90 ulipoangukia. Waya huo wa sentimita 16 ungetoa 5 × 0.8, yaani mikrotesla 4. Lakini sentimita 5 za kwanza hazipo, nazo peke yake zingetoa mikrotesla 1.92. Ziondoe, inabaki 2.08. Kumbe ncha zote mbili zikiwa upande mmoja wa mstari ule, pembe ya ncha ya karibu huwa hasi, na jumla hugeuka kuwa tofauti.

Na lile 5.92 lilikuwa linajishtaki lenyewe. Waya ulioanzia kwenye mstari ule na kwenda upande mmoja bila mwisho ungefikia mikrotesla 5 tu, maana sini haizidi 1. Kipande kifupi kingeushindaje?

Sasa nachora mstari wa nyuzi 90 kwanza, hata kama lazima niurefushe waya kwa nukta nukta. Ikiwa nukta iko kwenye mstari wa waya wenyewe, nje ya ncha zake, siigusi fomula kabisa: d ni sifuri, itakupa sifuri juu ya sifuri, ilhali uga wa kipande hicho pale ni sifuri.